Nguzo za karafuu na mhimili ulioanzia 2,980

*"Assalaam alaykum maalim. Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa karafuu huku Wete. Nimetengeneza chati ya nguzo kwa Excel kuonesha kilo za karafuu kavu za kila kikundi msimu huu, kwa mizani ya vikundi vyenyewe: A 3,120, B 3,060, C 3,040 na D 3,150. Nilipoionesha kikaoni watu wa C walikasirika, maana nguzo yao ilikuwa fupi mno na ya D ilionekana kama mara tatu yake. Namba ni sahihi, nimezihakiki. Mhimili umeanzia 2,980 na sikuugusa mimi. Lakini nikianzia 0 nguzo zote zinakuwa kama sawa na hakuna la kuona. Nifanye lipi?"*

Wa alaykumu ssalaam, katibu. Anzia 0. Nguzo zikionekana kama sawa, basi hilo ndilo la kuona: vikundi vyako vinne vimevuna karibu sawasawa, na kila aliyekaa kikaoni alistahili kuondoka na habari hiyo. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuichunguza tofauti ndogo iliyobaki, badilisha aina ya picha. Nguzo zenyewe usizikate miguu.

Tazama kilichotokea kwenye chati yako. Mtu akiona nguzo, anasoma urefu wake kuanzia chini mpaka juu, na akiona mbili anazilinganisha hivyo hivyo, hata kama hakukusudia. Mhimili ukianzia 2,980, nguzo ya D inabakiwa na urefu wa 170 tu (3,150 ukitoa 2,980), na ya C inabakiwa na 60. Gawanya 170 kwa 60 upate 2.8, na hiyo ndiyo "kama mara tatu" waliyoiona watu. Sasa gawanya kilo zenyewe, 3,150 kwa 3,040. Unapata 1.036, yaani D imeizidi C kwa asilimia 3.6. Ni sawa na kuwasimamisha watu wawili wanaokaribiana kimo nyuma ya ukuta unaowafika shingoni, kisha ukamwita mmoja mrefu mara mbili kwa kuangalia vichwa tu. Hukuandika uongo popote, na namba za pembeni zilikuwepo kwa anayetaka kuzisoma. Lakini kikaoni, chati ikiwa ukutani na watu wameketi mbali, kinachosomeka ni urefu.

Kosa hili lina kipimo chake. Mmarekani Edward Tufte, aliyeandika sana juu ya michoro ya takwimu, alipendekeza mwaka 1983 tuchukue ukubwa wa tofauti inayoonekana kwenye picha tuugawe kwa ukubwa wa tofauti iliyomo kwenye namba. Picha ya haki hutoa jibu linalokaribia 1. Kwako wewe, picha ilionesha D imeizidi C kwa asilimia 183, na namba zinasema asilimia 3.6. Ukigawanya, unapata kama 50. Huhitaji hata kompyuta kufanya hesabu hii kwa chati ya mtu mwengine: ichapishe, weka rula juu ya nguzo mbili, gawanya sentimita kwa sentimita, kisha gawanya namba kwa namba. Majibu mawili yakipishana, ujue mhimili umekatwa.

Unasema hukuugusa mhimili, nami nakuamini, kwa sababu Excel huukata yenyewe. Kanuni yake ni hii. Inachukua namba kubwa na namba ndogo kwenye data yako na kutazama tofauti yao. Tofauti hiyo ikizidi sehemu moja ya sita ya namba kubwa, yaani asilimia 16.67, mhimili unaanzia 0. Ikiwa pungufu ya hapo, Excel inaacha 0, inashuka chini ya namba ndogo kwa nusu ya tofauti, halafu inateremka mpaka alama ya skeli iliyo karibu. Zako zimetofautiana kwa kilo 110, ambazo ni asilimia 3.5 ya 3,150. Nusu ya 110 ni 55, na 3,040 ukitoa 55 ni 2,985. Skeli ikienda kwa ishirini ishirini, alama inayofuata chini yake ni 2,980, na hapo ndipo chati yako ilipoanzia.

Fikiri kanuni hiyo inamaanisha nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapoponzeka bila kujua. Kadiri namba zinavyokaribiana, ndivyo picha inavyozitenganisha zaidi. Vikundi vikipishana kwa kilo 11 badala ya 110, mhimili utapanda juu zaidi na nguzo zitaonekana kupishana vile vile. Picha inayotoka haina habari yoyote juu ya ukubwa wa tofauti. Inakwambia nani wa mwanzo na nani wa mwisho, tena kwa sauti ile ile ya juu kila mara.

Kuna mtego mwengine ndani yake. Karafuu haina msimu unaofanana na mwenziwe. Chukua msimu ambao kikundi kimoja kilipata 2,400 na chengine 3,150. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 24, kwa hiyo Excel ingeanzia 0. Ukiweka chati ya msimu huo ubavuni mwa chati ya msimu huu kwenye ripoti moja, moja itaanzia 0 na nyengine 2,980, na msomaji ataona msimu wa tofauti ndogo ndio uliokuwa na pengo kubwa. Chati mbili zinazokaa pamoja lazima ziwe na mwanzo mmoja na mwisho mmoja wa mhimili, na uziandike wewe mwenyewe badala ya kuiachia programu.

Kuziandika ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya namba za mhimili wa wima, chagua `Format Axis`, kisha chini ya `Axis Options` utaona `Bounds`. Kwenye `Minimum` andika 0, hata kama 0 tayari ipo. Hili la mwisho usilidharau. Sifuri iliyowekwa na Excel yenyewe inaweza kuondoka siku utakapobadilisha namba, lakini sifuri uliyoiandika wewe inabaki. Neno `Auto` lililo pembeni likigeuka `Reset`, basi imeshika. Kwenye `Maximum` weka 3,500. Usiweke 10,000, kwa sababu nguzo zako zitasinyaa chini ya ukurasa na hata tofauti kubwa zitafichika, na huko nako ni kumpotosha msomaji, ila kwa upande wa pili.

Baada ya hapo, tuseme nguzo ya D ina urefu wa sentimita 10 kwenye karatasi. Ya C itakuwa sentimita 9.65. Pengo lao ni milimita tatu na nusu, na jicho linaliona bado. Andika kilo juu ya kila nguzo ili anayetaka kujua hasa asome. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, au kwa herufi kama watu wamezoea hivyo. Kwa kikao cha ushirika, chati hiyo inatosha.

Lakini umeniuliza kama mtu anayeiona ile tofauti ya kilo 110 kuwa na maana, na hilo lisipite hivi hivi. Kabla hujaamua namna ya kuionesha, jiulize imetoka wapi. Umesema uzito ni wa mizani ya vikundi vyenyewe, na mimi jambo la kwanza ninalolifikiria ni majamvi. Karafuu iliyoanikwa vizuri hubaki na unyevu wa kama asilimia 12, na ukiivunja inakatika kwa mlio. Ikiingizwa ndani mapema, mvua ikiwa imetanda, inaweza kubaki na asilimia 15 na bado machoni ikaonekana kavu. Fanya hesabu. Kilo 3,150 zenye unyevu wa asilimia 15 zina maji kilo 472 na nusu, na karafuu yenyewe ni kilo 2,677 na nusu. Ukiendelea kuianika mpaka unyevu ufike asilimia 12, mizani itasoma kilo 3,043. Kikundi C walikuwa na 3,040.

Kwa hiyo tofauti nzima iliyozua ugomvi inaweza kutoka kwenye jua la siku moja au mbili zaidi. Sisemi kwamba D wameleta karafuu mbichi, sina ushahidi huo na wewe usiutamke kikaoni. Ninachosema ni kwamba kila pointi moja ya unyevu inahamisha kama kilo 35 kwenye uzito wa namna hii, na chati inayozikuza kilo 110 mpaka zionekane mara tatu inayakuza na maji pamoja nazo. Kama una unyevu uliopimwa wa kila kikundi, weka kilo kwenye safu ya B na asilimia ya unyevu kwenye safu ya C kama namba tupu, yaani 15 na si 15%, kisha uziweke zote kwenye kiwango kimoja cha asilimia 12:

```
=B2*(100-C2)/88
```

Chora chati kwa namba zitakazotoka huko. Huenda mpangilio ukageuka.

Tuseme umeshasawazisha unyevu na tofauti bado ipo, na kamati ya ushirika, watu watano waliokaa mezani na karatasi zao, wanataka kuiona kwa karibu. Hapo tumia nukta. Nukta haina urefu, ina mahali tu. Msomaji anatazama imekaa wapi mbele ya skeli, wala hana mguu wa kuupima kutoka chini, ndiyo maana mhimili wa nukta unaruhusiwa kuanzia mbali na 0. William Cleveland na Robert McGill waliwajaribu watu kwa michoro ya aina mbalimbali na kutoa matokeo mwaka 1984, na walikuta kwamba hukumu zetu huwa sahihi zaidi tunapolinganisha mahali pa vitu kwenye skeli moja kuliko tunapolinganisha urefu usio na mwanzo mmoja, pembe au maeneo. Kwa hiyo kwa nukta hupotezi kitu. Kwenye Excel badilisha aina ya chati iwe `Line with Markers`, halafu kwenye `Format Data Series` uchague `No line` ili ule mstari unaoziunga uondoke. Usiuache, kwa sababu mstari kutoka A kwenda B unamwambia msomaji kwamba kitu kimepanda au kimeshuka, na vikundi havifuatani kama miezi.

Nukta nazo zina hatari ile ile ukiiachia Excel ichague mhimili. Nne zitatawanyika kutoka chini ya ukurasa mpaka juu. Chagua upana wa skeli kwa kitu unachokijua nje ya data yenyewe. Mimi kwa hali yako ningechukua asilimia 10 juu na chini ya wastani. Wastani wenu ni kama kilo 3,090, hivyo mhimili uende kutoka 2,800 mpaka 3,400. Pengo la D na C litachukua kilo 110 kati ya 600, pungufu kidogo ya sehemu moja ya tano ya ukurasa. Linaonekana wazi, na bado nafasi tupu iliyobaki inamwambia msomaji kuwa tofauti si kubwa. Chini ya chati andika kwa herufi zinazosomeka: mhimili unaanzia kilo 2,800.

Wengine watakushauri uchore nguzo za tofauti kutoka kwenye wastani: D juu kwa 57.5, A juu kwa 27.5, B chini kwa 32.5, C chini kwa 52.5. Kihesabu ni halali, kwa sababu nguzo hizo zinaanzia 0 ya kweli, ambayo ni wastani. Nimeziona zikifanya kazi vizuri ofisini. Kwenye kikao cha wakulima sizipendi kabisa. Nguzo iliyoshuka chini ya mstari inasomeka kama deni, na utakuwa umewarudisha watu wa C pale pale walipokasirikia.

Kuna ujanja mwengine wa kuchora mkato kama meno ya msumeno chini ya nguzo, kuashiria kwamba kipande kimerukwa. Anayechora anajiona ameshatoa taarifa. Jicho halisikilizi taarifa hiyo, linaendelea kupima kilichobaki juu ya mkato, na uwiano unabaki 170 kwa 60. Uache. Na ukikutana na kitufe cha `Logarithmic scale` humo humo kwenye `Axis Options`, usikiguse kwa nguzo. Skeli hiyo haina 0 popote, kwa hiyo chini ya nguzo panakuwa pahala pa kubuni na urefu wake hausemi kitu.

Usije ukaichukua hii ya 0 ukaitumia kila pahala, maana nimeona walimu wa skuli wakiwakata alama wanafunzi kwa mstari wa grafu usioanzia 0, na si haki. Kanuni ni ya nguzo, kwa sababu ya urefu. Chukua joto la mgonjwa. Jana 37, leo 39. Ukichora mstari wa joto lake kuanzia 0, hizo digrii mbili zitakuwa kijikunjo tu juu ya ukurasa, na daktari anaweza kuipita homa. Mstari wake unafaa uende kama kutoka 35 mpaka 42, kwa sababu huko ndiko mwili wa mtu unakoishi. Tena 0 ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, si pale joto linapokwisha, hivyo kusema digrii 30 ni "mara mbili" ya 15 hakuna maana, na nguzo inakulazimisha useme hivyo. Joto chora kwa mstari au nukta. Kilo, watu, shilingi na magunia vina 0 ya kweli, yaani hakuna kitu, na hivyo ndivyo vinavyostahili nguzo.

Swali la nani aliyefanya kazi zaidi, ambalo nadhani ndilo lililokuwa nyuma ya ugomvi, chati hii haiwezi kulijibu hata ikianzia 0. Kilo za kikundi zinategemea idadi ya mikarafuu na idadi ya wachumaji. Gawanya kwa wanachama au kwa miti kwanza, kisha chora, tena kuanzia 0.

Kuhusu unyevu, ikiwa hamna kipimo, mnaweza kulinganisha kwa jua lenu wenyewe. Chukua kilo moja kutoka kila kikundi, iwe imechanganywa kutoka magunia kadhaa na imechambuliwa makonyo, uzianike zote nne siku moja kwenye jamvi moja, kila moja pahala pake, mbele ya mtu mmoja wa kila kikundi. Zipime kila jioni kwa mizani ndogo ya dukani mpaka uzito usishuke tena. Kilo ya D ikibakia gramu 960, zidisha 3,150 kwa 0.96 upate 3,024. Ya C ikibakia gramu 990, zidisha 3,040 kwa 0.99 upate kama 3,010. Pengo la kilo 110 litakuwa limebaki 14. Hizo ni namba za mfano wangu tu, zenu zitatoka kwenye jamvi lenu. Ukishazipata zote nne, nitumie pamoja na idadi ya wanachama, na tutazame kama kuna tofauti yoyote inayofaa kupelekwa kwenye kikao kijacho.